Asilimia 4 ya nini? Maana halisi ya thamani ya p

*"Katika zoezi la somo la takwimu, kila mwanafunzi darasani alirusha sarafu yake mara 20. Yangu ilitua kichwa mara 15. Kompyuta ilinipa thamani ya p ya 0.041, nami nikaandika: 'Uwezekano kwamba sarafu hii haiegemei upande wowote ni asilimia 4 tu, kwa hiyo nina uhakika wa asilimia 96 kwamba ina kasoro.' Mhadhiri ameikata sentensi yote kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Hesabu yangu ni sahihi. Kosa liko wapi, na hiyo 0.041 inamaanisha nini hasa?"*

Hesabu yako ni sahihi, na mhadhiri naye hakukosea kuikata sentensi ile, ingawa natamani angekuandikia japo mstari mmoja pembeni. Kosa limo katika kiambishi kimoja. Lugha yetu ina kiambishi "-nge-", tunachokitumia tunapolichukulia jambo kuwa kweli kwa muda ili tuone lingefuatwa na nini, bila kudai kwamba ndivyo lilivyo. Thamani ya p ni namba inayoishi ndani ya "-nge-" hiyo. Wewe uliitoa humo, ukaiandika kana kwamba inaeleza habari za sarafu uliyoishika mkononi.

Tuirudie hesabu polepole, kwa sababu ukiona 0.041 inavyotengenezwa utaona pia kile isichoweza kukisema. Iweke kando sarafu yako halisi. Fikiria sarafu nyingine, ya kubuni, ambayo tunaamua kwamba haiegemei upande: kila irushwapo kichwa kina nafasi ya nusu, na mrusho mmoja hauathiri mwingine. Wanatakwimu huliita dai hilo nadharia tete sifuri. Sarafu hiyo ikirushwa mara 20, ipo mifuatano 1,048,576 inayoweza kutokea, yaani 2 kwa kipeo cha 20, na kila mfuatano una nafasi sawa na mwingine. Kwa kuwa nafasi ni sawa, kinachobaki ni kuhesabu tu. Mifuatano yenye vichwa 15 kamili ni 15,504. Yenye vichwa 16 ni 4,845, yenye 17 ni 1,140, yenye 18 ni 190, yenye 19 ni 20, na wenye vichwa vyote 20 ni mmoja. Jumla yake ni 21,700.

Hapa wanafunzi wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini tuhesabu vichwa 16, 17 na kuendelea, wakati vilivyotokea ni 15? Sababu ni kwamba uwezekano wa tokeo moja kamili, peke yake, hausemi lolote kuhusu ajabu ya tokeo hilo. Chukua sarafu ile ile ya kubuni uirushe mara 1,000. Tokeo lenye nafasi kubwa kuliko yote ni vichwa 500, na bado uwezekano wa kupata 500 kamili ni karibu 0.025 tu. Kama tungeliona la ajabu kila jambo lenye uwezekano mdogo, basi hata tokeo la kawaida kuliko yote lingetushangaza. Ndiyo maana swali huulizwa hivi: ni mara ngapi sarafu ya kubuni ingekwenda mbali na matarajio kwa kiasi hiki au zaidi ya hapo? Matarajio yalikuwa vichwa 10, nawe ulipata 15, yaani umbali wa vichwa vitano. Tena, kwa kuwa hukusema kabla ya kurusha kwamba unashuku kichwa na si upande wa pili, vichwa 5 navyo vingekushangaza kama 15. Kwa hiyo tunahesabu ncha zote mbili: 21,700 mara mbili ni 43,400, na 43,400 kugawanywa kwa 1,048,576 ni 0.0414. Hiyo ndiyo namba yako.

Ukitumia R, programu ya kompyuta ya kufanyia takwimu, unaweza kuiona kwa macho, bila fomula yoyote. Mstari wa kwanza hapa chini unairusha sarafu ya kubuni mara 20, kisha unalirudia zoezi hilo lote mara 100,000. Wa pili unauliza ni sehemu gani ya marudio hayo ilifika umbali uliofika wewe. Wa tatu ni hesabu kamili.

```r
vichwa <- rbinom(100000, 20, 0.5)
mean(vichwa >= 15 | vichwa <= 5)
binom.test(15, 20)
```

Jibu la mstari wa pili litacheza kidogo kila utakapouendesha, lakini halitakwenda mbali na 0.041. Sasa itazame ile 0.5 katika mstari wa kwanza. Sisi ndio tulioiandika. Kompyuta haikuitafuta wala haikuipima. Iliambiwa kwamba sarafu haiegemei upande, ikatii. Je, namba iliyotokana na dunia ambamo kila sarafu haiegemei upande inawezaje kutuambia uwezekano kwamba sarafu haiegemei upande? Ndani ya dunia ile uwezekano huo ni 1, kwa sababu ndivyo tulivyoamuru. Kwa sababu hiyo hiyo hata usemi mwingine unaosikika mara nyingi, kwamba thamani ya p ni "uwezekano kwamba matokeo yalitokana na bahati tu", umekosea. Katika dunia ile kila tokeo ni la bahati, likiwemo la vichwa 20 mfululizo.

Ulichofanya katika sentensi yako ni kuligeuza sharti. Thamani ya p inaanza na sarafu isiyoegemea na kuuliza nafasi ya data. Wewe ulianza na data na kutaja nafasi ya sarafu isiyoegemea. Pande hizo mbili zinaonekana kama kitu kimoja, lakini tofauti yake inaweza kuwa kubwa mno. Papa wote huishi majini, ila katika viumbe vyote vinavyoishi majini papa ni wachache sana. Mtu akijua kwamba kiumbe fulani ni papa, anajua kinaishi wapi. Akijua tu kwamba kinaishi majini, bado hajui karibu lolote kuhusu upapa wake.

Tuuone mgeuzo huo kwa hesabu, maana hapa ndipo kalamu nyekundu ilipostahili. Tuseme kuna sanduku lenye sarafu 1,000. Kati yake 900 haziegemei upande, na 100 zimeharibiwa hivi kwamba kichwa hutokea kwa nafasi ya 0.75. Kila sarafu tunairusha mara 20, na tunaiweka kando kila inayotoa vichwa 15 au zaidi, au 5 au pungufu. Katika zile 900, asilimia 4.14 zitawekwa kando kwa bahati tu, yaani takriban 37. Katika zile 100 zilizoharibiwa, uwezekano wa kufikia vichwa 15 ni karibu 0.617, hivyo tutaweka kando takriban 62. Sasa tunazo sarafu 99 kandoni, zote zenye thamani ya p ya 0.0414 au chini ya hapo. Kati yake, 37 hazina kasoro yoyote. Ukiokota moja bila kuchagua, uwezekano kwamba haiegemei upande ni asilimia 37, mbali sana na asilimia 4. Na ukizitazama zile tu zilizotoa vichwa 15 kamili kama yako, hali ni kali zaidi kidogo: ni takriban 13 nzima kwa 20 mbovu, yaani kama asilimia 40 ni nzima.

Badili sanduku sasa. Tuseme 500 ni nzima na 500 ni mbovu. Tutaweka kando takriban 21 nzima na 309 mbovu, na sehemu ya nzima inashuka hadi asilimia 6 hivi. Badili tena: sanduku lote ni la sarafu nzima. Tutaweka kando sarafu 41, na zote 41 ni nzima. Uwezekano ni asilimia 100. Katika masanduku yote matatu kipimo kilikuwa kile kile, mpaka ulikuwa ule ule, na thamani ya p kwa vichwa 15 ilikuwa ile ile 0.041. Kilichobadilika ni kile tulichokuwa tunakijua kuhusu sanduku kabla ya kurusha, na pia namna sarafu mbovu zilivyoharibika. Habari hizo mbili hazimo katika thamani ya p, wala huwezi kuzikamua kutoka humo. Ukitaka kusema "uwezekano kwamba sarafu hii ni nzima ni asilimia kadhaa", lazima uzilete wewe mwenyewe, kisha uziunganishe na data kwa kanuni ya Bayes. Hiyo ni njia halali na pengine utaisoma katika somo lijalo, ila ina kazi yake na gharama zake, na hukuipitia ulipoandika asilimia 96. Sitaki ujione mjinga kwa hilo. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko maalumu kuhusu thamani ya p, na mojawapo ya mambo kiliyolazimika kuyaeleza ni kwamba namba hii haipimi uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli. Tamko hilo liliandikwa kwa ajili ya watafiti, si kwa ajili ya wanafunzi wa muhula wa kwanza.

Je, namba hii basi inafaa kwa nini? Inapima jinsi data yako inavyopatana na dunia ya kubuni. Thamani ndogo inasema: ama sarafu ni nzima na limetokea jambo lisilotokea mara nyingi, ama mojawapo ya mambo tuliyoyachukulia si kweli. Haisemi ni lipi kati ya hayo. Tena "mojawapo ya mambo" si maegemeo ya sarafu peke yake. Huenda sarafu ni nzima lakini mirusho ilitegemeana, kwa mfano ikiwa uliirusha chini sana kiasi kwamba mara nyingi ilirudi upande uliotangulia. Data ingekuwa ya ajabu vilevile, na wewe ungeilaumu sarafu.

Upande wa pili nao una mtego wake. Tuseme ungepata vichwa 12. Thamani ya p ingekuwa 0.50, na kishawishi kingekuwa kuandika kwamba sarafu imethibitika kuwa nzima. Rudi kwenye sanduku la kwanza: kati ya zile 100 mbovu, 38 hatukuziweka kando. Ziliharibika vibaya, kichwa mara tatu kwa kila mara nne, na bado mirusho 20 haikutosha kuzifichua. Thamani kubwa ya p inasema tu kwamba data haikupingana na dunia ya kubuni, na data chache hazina nguvu ya kupingana na chochote.

Hata mpaka wa 0.05, ambao thamani ya p ikiwa chini yake matokeo huitwa yenye maana kitakwimu, usiuogope wala usiuabudu. Mwanatakwimu Ronald Fisher aliupendekeza katika miaka ya 1920 kama kipimo cha kukubalika, nafasi moja kati ya 20, na ukabaki kwa mazoea. Angalia ulivyokaribia kuukosa. Kama mrusho mmoja tu ungetua upande wa pili, ungekuwa na vichwa 14 na thamani ya p ya 0.115. Sarafu ni ile ile, lakini ripoti moja ingesema "matokeo yana maana kitakwimu" na nyingine ingesema hayana. Neno hilo "maana" limewapotosha wengi, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida jambo la maana ni jambo kubwa. Katika takwimu halina uzito huo. Mtu akirusha sarafu mara 10,000 na kupata vichwa 5,102, thamani yake ya p ni karibu 0.042, sawa kabisa na yako kwa matumizi yote ya kawaida. Lakini sarafu yako ilitoa kichwa kwa asilimia 75, na yake kwa asilimia 51.02. Namba mbili zinazofanana zimebeba hadithi mbili zisizofanana hata kidogo.

Ndiyo maana nakusihi usiiandike thamani ya p peke yake. Mstari ule wa tatu wa R unatoa pia masafa ya kuaminika ya asilimia 95 kwa nafasi ya kichwa. Kwa data yako ni kuanzia 0.509 hadi 0.913. Masafa hayo yana mambo ambayo 0.041 imeyaficha: data yako inapatana na sarafu iliyoegemea kidogo mno kiasi cha kutojali, na inapatana vilevile na sarafu ambayo karibu kila mara hutua kichwa. Kwa yule wa mirusho 10,000, masafa ni kama 0.500 hadi 0.520. Yeye anajua mengi kuhusu sarafu yake. Wewe, kwa mirusho 20, unajua machache.

Kuna neno moja katika swali lako ambalo huenda uliliandika bila kulitilia maanani, nalo ni "kila mwanafunzi". Hukusema mko wangapi. Tuseme mko 25. Kama sarafu zote 25 ni nzima, kila moja ina nafasi ya 0.0414 ya kutoa tokeo kama lako au kali zaidi, na ukizidisha unapata matarajio ya mwanafunzi mmoja hivi darasani. Uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atapata thamani ya p ya 0.0414 au chini ni takriban 0.65. Kwa hiyo darasa zima likikusanya matokeo na kumtaja yule tu aliyepata ya ajabu, ile 0.041 haistahili tena kusomwa kama asilimia 4, kwa sababu sarafu haikuchaguliwa kabla ya kurushwa bali ilichaguliwa kwa kuwa ilishangaza. Mtafiti anayejaribu vipimo vingi na kuripoti kimoja kilichovuka mpaka anafanya jambo lile lile, na ripoti yake haitakuonyesha vile alivyovitupa. Kama wewe uliitazama sarafu yako tu, bila kujali za wenzako, namba yako imesimama kama ilivyo. Ila ningekuwa wewe, ningeichukua sarafu ile ile na kuirusha tena, safari hii mara 200, nikiwa nimeshaandika idadi hiyo kabla ya kuanza na bila kuijumlisha na mirusho 20 ya mwanzo. Data mpya hazikuchaguliwa kwa ajabu yake. Kama sarafu kweli hutoa kichwa kwa asilimia 75, mirusho 200 haitakuacha na shaka.

Sentensi yako ningeiandika upya hivi: "Kama sarafu isingeegemea upande wowote na mirusho isingetegemeana, matokeo yaliyo mbali na vichwa 10 kwa vitano au zaidi yangetokea takriban mara 4 katika kila marudio 100 ya zoezi hili. Data hizi hazipatani vizuri na dhana hiyo, lakini mirusho ni michache, na nafasi ya kichwa inaweza kuwa popote kati ya 0.51 na 0.91." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na "-nge-" imerudi mahali pake. Mpelekee mhadhiri sentensi hiyo umwombe dakika tano. Muulize hasa kama alitaka kipimo cha ncha zote mbili au cha ncha moja, kwa sababu kwa ncha moja thamani ingekuwa 0.021, na uamuzi huo hufanywa kabla ya kurusha.

Zoezi la sarafu unaweza kulimaliza mwenyewe. Lakini itakapofika zamu ya mradi wako wa utafiti, ambapo mtu mmoja hupimwa zaidi ya mara moja, au wanaopimwa wanatoka katika kaya moja au darasa moja, usitegemee maelezo yaliyoandikwa kama haya. Hapo dhana ya kutotegemeana inavunjika, na thamani ya p inayotolewa na kipimo cha kawaida mara nyingi huwa ndogo kuliko inavyostahili. Kaa na mwanatakwimu ana kwa ana, mkiwa na dodoso mezani na kabla hujakusanya jibu hata moja. Baada ya kukusanya, makosa mengi ya namna hiyo hayarekebishiki kwa hesabu yoyote.